Karatasi ya maabara imetumwa bila maelezo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu wa fizikia wa Unguja na Pemba, kwa vijana wa kidato cha tano na sita wanaowasaidia wadogo zao, na kwa wazazi wachache. Wote wamekutana na jambo moja. Simu inalia, picha ya karatasi ya jaribio inaingia, na chini yake hamna hata salamu. Majibu yote nimeyafunga kwenye jaribio moja tu, lile la pendulamu ya kutafuta g, ile namba inayoonyesha nguvu ya uvutano wa dunia, kwa sababu kila skuli inaweza kulifanya kwa uzi na kitu kizito, na kwa sababu karatasi yake inasema mengi kwa anayejua kuisoma.

Nimetumiwa matokeo bila neno lolote. Nikague hesabu, niandike hitimisho, au nieleze vyanzo vya hitilafu?

Kagua hesabu kwanza, hata kama unahisi kwamba anachotaka ni hitimisho. Hitimisho na maelezo ya hitilafu vyote viwili vinaegemea ile namba ya mwisho. Ikiwa namba ni mbovu, utakayoandika juu yake yatakuwa mabovu vilevile, tena kwa lugha nzuri.

Chukua mwanafunzi aliyepima muda wa mibembeo 20 akasahau kuugawa kwa 20. Atapata g ya 0.027 hivi. Ukimrukia na maelezo ya upepo, ya jicho lililosoma rula kwa pembeni na ya kidole kilichochelewa kubonyeza saa, umemfundisha uongo. Umemwambia kwamba vifaa vilikosea, na vifaa havina kosa. Yeye naye ataondoka akiamini kwamba neno "hitilafu" ni pazia la kufunikia jibu lolote lisilopendeza.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: hesabu, halafu hitilafu, halafu hitimisho. Hitimisho linakuja mwisho kwa sababu ndani yake lazima mtu aseme jibu lake linaaminika kiasi gani, na hilo hulijui mpaka umalize mawili ya mwanzo.

Je, karatasi yenyewe haiwezi kuniambia anachotaka?

Mara nyingi inaweza. Tazama kalamu ilisimama wapi.

Kama jedwali lina urefu na muda tu, na safu za T, yaani muda wa mbembeo mmoja, na T² ziko tupu, huyo hajui aanzeje. Hajafika kwenye lolote kati ya yale matatu. Mfanyie mstari mmoja wa jedwali, hatua kwa hatua, na umwachie mistari iliyobaki. Kama jibu limekatwa mara mbili na kuandikwa upya pembeni, hesabu ndiyo inayomsumbua. Kama kila kitu kimejaa, jibu limezungushiwa duara, na pembeni yake kuna alama ya kuuliza, basi anajua kwamba jibu si la kawaida na hajui kwa nini. Huyo wa mwisho ndiye anayehitaji maelezo ya hitilafu, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili muda wako mrefu zaidi, maana ameshaona mwenyewe kwamba kuna kitu.

Tazama pia kichwa cha karatasi. Kama amenakili swali la mtihani wa vitendo, vipengele vyake vinakuonyesha kilichobaki kujibiwa.

Si bora nimuulize kwanza kabla ya kujibu?

Muulize, lakini usimrudishie mikono mitupu. Ukiandika "unataka nini?" peke yake, wengi watajibu "nisaidie tu, mwalimu", na mmerudi mlipoanza. Mpelekee kitu na swali pamoja, kwa mfano: "Nimepitia safu ya T², iko sawa yote. Jibu lako ni 10.8 na nilitarajia karibu na 9.8. Niambie, ulipoachia uzi ulianza kuhesabu kwa namba gani?" Swali la namna hiyo analijibu kwa neno moja, na neno hilo linaweza kumaliza kazi nzima.

Tupe mfano wa karatasi halisi tuipitie pamoja.

Hii nimeitengeneza kwa kufuata aina ninayoiona mara nyingi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu amefunga chubwi ya kuvulia kwenye uzi, ameining'iniza kwenye msumari uliopigwa kwenye meza, na amepima muda wa mibembeo 20 kwa urefu wa namna nne. Mbembeo mmoja kamili ni kwenda na kurudi mpaka pale pale ulipoanzia.

| L (mita) | Muda wa mibembeo 20 (sekunde) | T (sekunde) | T² |
|---|---|---|---|
| 0.40 | 24.1 | 1.205 | 1.452 |
| 0.60 | 29.6 | 1.480 | 2.190 |
| 0.80 | 34.1 | 1.705 | 2.907 |
| 1.00 | 38.2 | 1.910 | 3.648 |

Chini yake amechora grafu ya T² kwa L, amepata mteremko wa 3.66, na ameandika g = 10.8. Kisha nafasi tupu. Hamna kitu kingine.

Katika kukagua hesabu nianzie wapi?

Anzia na makadirio ya kichwani kabla ya kushika kikokotoo. Pendulamu ya mita moja inachukua sekunde 2 hivi kwenda na kurudi, kwa hiyo mibembeo 20 ni kama sekunde 40, na T² ni karibu 4. Ukiwa na namba hizo tatu kichwani utaona upesi karatasi imeharibikia wapi. Huyu ana 38.2, 1.91 na 3.648. Hajaenda mbali, lakini zote ziko chini kidogo. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Halafu chukua mstari wa kwanza na wa mwisho tu, uvifanye mwenyewe. 24.1 gawa kwa 20 ni 1.205, na kipeo chake cha pili ni 1.452. 38.2 gawa kwa 20 ni 1.910, kipeo chake cha pili ni 3.648. Sawa. Mistari miwili ya kati itazame kwenye grafu, kwa sababu mstari uliokosewa hesabu utaruka nje ya mstari ulionyooka.

Mteremko: tofauti ya T² ni 3.648 − 1.452 = 2.196, na tofauti ya L ni 0.60. Ukigawa unapata 3.66. Kanuni ni hii:

```
T² = (4π²/g) × L
g  = 4π² / mteremko = 39.48 / 3.66 = 10.8
```

Hesabu zake zote ni sahihi. Mwambie hivyo waziwazi, maana kijana huyu huenda alishafuta mara tatu akidhani amekosea kugawa.

Makosa ya hesabu nayo yana sura zake. g ikitoka karibu na 3, alisahau kuinua π kwa kipeo cha pili. Ikitoka 1,080, aliacha urefu katika sentimita. Ikitoka 0.027, hakugawa muda kwa 20. Na kama mteremko wake ni 0.27 usimkatalie haraka: pengine ameweka L kwenye mhimili wima na T² kwenye mhimili mlalo, na hapo anatakiwa kuzidisha 39.48 kwa mteremko badala ya kugawa.

Hesabu ziko sawa lakini jibu ni 10.8. Si tuandike tu "makosa ya kibinadamu"?

Hapana. Naomba tulishughulikie jibu hili kwa urefu, kwa sababu ndipo karatasi nyingi zinapopotea.

Kila chanzo cha hitilafu kina mambo mawili: kinasukuma jibu upande gani, na kinalisukuma kwa kiasi gani. Mwanafunzi asipotaja yote mawili hajaeleza chochote. Jibu la 10.8 limepanda juu ya 9.8 kwa asilimia 10 hivi. Tunachotafuta basi ni kitu kinachopandisha, tena kwa asilimia 10.

Jaribu kuchelewa kwa kidole, ambako ndiko kila mtu anakokutaja. Mtu wa kawaida huchelewa sehemu mbili za kumi za sekunde kubonyeza saa. Kwenye sekunde 38 hiyo ni nusu ya asilimia. Kwa kuwa T inainuliwa kwa kipeo cha pili, hitilafu kwenye g inakuwa mara mbili, yaani kama asilimia moja. Ili kidole kilete asilimia 10 ingebidi kikosee karibu sekunde mbili nzima, tena kila mara, tena upande ule ule. Hiyo haiwezekani kwa mtu aliye macho. Kidole hakina hatia hapa.

Upinzani wa hewa nao hautufai. Kwa chubwi nzito na uzi mwembamba, hewa hupunguza upana wa kubembea polepole, lakini muda wa mbembeo mmoja hauguswi kwa kiasi cha kuonekana kwenye saa ya simu. Pembe kubwa je? Mtu akiivuta chubwi mpaka nyuzi 30, muda unarefuka kwa asilimia 1.7 hivi. Muda ukirefuka g inashuka. Upande si huo.

Basi kilichopandisha jibu lake ni nini?

Kipo kwenye kuhesabu. Wanafunzi wengi huachia chubwi, hubonyeza saa, na papo hapo husema "moja". Chubwi inaporudi mara ya kwanza husema "mbili". Wakifika "ishirini" chubwi imefanya mibembeo 19 tu. Muda waliouandika ni wa 19, na wameugawa kwa 20.

Tazama kama upande na kiasi vinakubali. Kugawa kwa namba kubwa kuliko inayostahili kunaifanya T iwe ndogo, na T ndogo inapandisha g. Upande umekubali. Kiasi ni 20 gawa kwa 19, kwa kipeo cha pili, ambacho ni 1.108, yaani ongezeko la karibu asilimia 11. Sasa rudi nyuma: 10.8 gawa kwa 1.108 ni 9.7. Kiasi nacho kimekubali.

Grafu inatoa ushahidi wa tatu. Kosa la kuhesabu linapunguza kila T kwa uwiano ule ule, kwa hiyo nukta zote zinabaki kwenye mstari ulionyooka na mstari unapita kwenye sifuri. Kinachobadilika ni mteremko peke yake. Ndivyo karatasi hii ilivyo. Ukiurudisha mstari nyuma kutoka kwenye nukta ya mwisho, 3.648 toa 3.66, unaangukia karibu kabisa na sifuri.

Kuna mpaka wa uhakika huu, na mwanafunzi ausikie. Saa inayochelewa kwa asilimia 5 ingeleta picha hiyo hiyo. Lakini saa ya namna hiyo hupoteza sekunde tatu kila dakika, na anaweza kuilinganisha na simu ya mwenzake kwa dakika moja. Ikilingana, kinachobaki ni hesabu ya mdomo.

Dawa yake ni kuanza na "sifuri" wakati wa kuachia. Wengine hufanya vizuri zaidi: wanaiacha chubwi ibembee kidogo, kisha wanaanzisha saa inapopita katikati, wakisema "sifuri" hapo. Katikati ndipo inapokwenda kasi zaidi, na jicho linaona vizuri lini imepita.

Kama mwanafunzi wako alihesabu mibembeo 10 badala ya 20, kosa hilo hilo linakuwa kubwa zaidi na jibu linafika 12. Akihesabu 50 linashuka mpaka 10.2. Kwa hiyo usitafute 10.8 tu, uliza alihesabu mingapi.

Na jibu likiwa chini ya 9.8?

Hapo nashuku urefu. Hebu tazama karatasi ya mwenzake, aliyekaa meza ya pili:

| L (mita) | Muda wa mibembeo 20 (sekunde) | T² | g kwa mstari huu peke yake |
|---|---|---|---|
| 0.40 | 26.0 | 1.690 | 9.34 |
| 0.60 | 31.6 | 2.496 | 9.49 |
| 0.80 | 36.4 | 3.312 | 9.54 |
| 1.00 | 40.6 | 4.121 | 9.58 |

Huyu hakuchora grafu. Alitafuta g kwa kila mstari na akachukua wastani, 9.49. Isome safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini: namba inapanda kadiri uzi unavyorefuka. Hitilafu za kubahatisha zingepanda na kushuka ovyo. Zinapopanda kwa mpangilio, kuna kiasi kimoja kisichobadilika ambacho kimesahauliwa, na kinauma zaidi kwenye urefu mfupi.

Mchoree grafu. Mteremko ni 4.05, na g inatoka 9.7, jibu zuri. Lakini mstari haupiti kwenye sifuri. Unaukata mhimili wima kwenye 0.07 hivi. Gawa 0.07 kwa mteremko, unapata mita 0.017, karibu sentimita mbili. Huo ndio urefu aliousahau.

Umeenda wapi? Alipima uzi kutoka kwenye msumari mpaka kwenye fundo, pale uzi unapoikamata chubwi. Pendulamu haiishii hapo. Urefu unaotakiwa ni mpaka katikati ya uzito wa chubwi. Chubwi ya urefu wa sentimita nne ina kitovu sentimita mbili chini ya fundo. Mwambie aongeze 0.02 kwenye kila urefu na arudie mistari ya pembezoni: wa kwanza unatoa 9.81, wa mwisho 9.77. Zile 9.34 na 9.58 zimekutana.

Sasa weka karatasi mbili upande kwa upande. Ya kwanza mstari unapita kwenye sifuri na mteremko umeharibika. Ya pili mteremko ni mzima na mstari haupiti kwenye sifuri. Ndiyo maana nasisitiza grafu hata kama swali halikuidai. Wastani ungekupa 10.8 kwa mmoja na 9.5 kwa mwingine, na usingejua lolote kuhusu sababu.

Upepo wa kaskazi ukipiga dirishani, je, si chanzo cha hitilafu?

Unaweza kuwa, kwa chubwi ndogo na uzi mrefu. Dalili yake ni kwamba chubwi inaacha kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja na kuanza kuchora duara bapa. Mwanafunzi aandike upepo kama aliona hivyo. Kama hakuona, asiuandike. Kufunga dirisha na kupima tena urefu mmoja kunatosha kumjulisha.

Jibu sahihi ni lipi kwetu, 9.8 au 9.81 au 10?

Kwetu ni 9.78. Nguvu ya uvutano si sawa duniani kote. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni 9.780 na kwenye ncha za dunia ni 9.832, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba katikati. Pemba ipo kama nyuzi 5 kusini ya ikweta na Unguja kama nyuzi 6, kwa hiyo tuko karibu na ile namba ndogo. Ile 9.81 ya vitabuni inafaa zaidi nchi za Ulaya.

Tofauti hii iligunduliwa kwa pendulamu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, mahali palipo nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, umbali ule ule ambao Pemba iko kusini. Saa yake ya pendulamu iliyokuwa imerekebishwa Paris ilichelewa huko kama dakika mbili na nusu kila siku, na ikabidi aifupishe pendulamu ili saa iende sawa.

Kwa karatasi ya kidato cha tatu tofauti ya 9.78 na 9.81 haionekani, kwani ni theluthi moja tu ya asilimia na kidole peke yake kina asilimia moja. Akiandika 9.8 inatosha. Swali likimwambia atumie 10, atumie 10 kwenye hesabu nyingine, lakini hapa g ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo aandike alichokipata.

Mwanafunzi wangu amepata 9.81 kwenye mistari yote minne. Nimpongeze?

Mwulize kwanza. Mtu anayeandika muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde hawezi kupata jibu moja mara nne mpaka desimali ya pili. Kwenye sekunde 36, sehemu moja ya kumi peke yake inaihamisha g kwa 0.05 hivi. Namba zinazolingana kiasi hicho kwa kawaida zimepigwa kinyumenyume: mtu ameanza na 9.81 akatafuta muda. Usimshutumu mbele ya wenziwe. Mwombe picha ya daftari alipoandika muda alipokuwa mezani, ile yenye michirizi na kufutwafutwa. Kama hana, mwambie apime urefu mmoja tu mbele yako.

Niandike hitimisho kwa niaba yake?

Kama karatasi itasahihishwa kwa alama, usiandike. Mpe maswali matatu ambayo hitimisho lake lazima liyajibu, naye aandike: umepata nini, kinakaribiana kiasi gani na thamani inayojulikana, na sababu gani moja inaeleza tofauti hiyo kwa upande na kwa kiasi. Nasema moja. Orodha ya vyanzo sita ni dalili kwamba hajui ni kipi.

Kwa karatasi yetu ya kwanza, hitimisho zuri lingekuwa hivi: "Grafu ya T² kwa L ni mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri, kwa hiyo T² inawiana na L kama kanuni inavyosema. g iliyopatikana ni 10.8, juu ya 9.8 kwa asilimia 10. Tofauti hii ni kubwa kuliko inayoweza kuletwa na kuchelewa kubonyeza saa. Inaelekea mibembeo ilihesabiwa kuanzia moja badala ya sifuri, jambo ambalo lingepandisha g kwa asilimia 11."

Sentensi ya kwanza isisahauliwe. Jibu lake la namba halikuwa zuri, lakini alichokithibitisha kuhusu uhusiano wa T² na L ni kizima kabisa, na kosa la kuhesabu halikukigusa. Wanafunzi wengi wanaona 10.8 wanadhani jaribio lote limekufa.

Skulini ataiandika kwa Kiingereza. Hata hivyo mwache alieleze kwa Kiswahili kwanza, kwa mdomo, kwa ujumbe wa sauti ikiwezekana. Kama hawezi kulieleza kwa lugha aliyolelewa nayo, atakachoandika kwa Kiingereza kitakuwa kimenakiliwa.

Tukishajua ni 19, si abadilishe tu 20 kuwa 19 akapata 9.7?

Asibadilishe jedwali. Alichoandika siku ya jaribio kibaki kama kilivyo. Sisi tumeshuku, na ushahidi ni mzuri, lakini hatukuwapo mezani. Yeye mwenyewe huenda hakumbuki alianza na namba gani.

Anachoweza kufanya ni kurudia urefu mmoja, mita 1.00, akianza na sifuri. Ikitoka sekunde 40 badala ya 38, shaka imethibitishwa, na aandike vipimo vyote viwili, cha mwanzo na cha marudio, pamoja na maelezo. Kazi hiyo haizidi dakika tano na haihitaji maabara. Mti wa uani na kipande cha uzi vinatosha. Kama jaribio lilikuwa la mtihani na hawezi kurudia, anaandika shaka yake kwenye hitimisho na kuacha namba zake zilivyo.

Picha haisomeki vizuri. Nikisie namba?

Usikisie. 24.1 na 29.1 zinafanana sana kwenye picha iliyopigwa usiku kwa mwanga wa taa moja, na ukikisia vibaya utamtafutia kosa ambalo hana. Mwombe akuandikie safu mbili tu, L na muda. T na T² utazifanya mwenyewe, na kufanya hivyo ndiko kukagua.

Karatasi ni ya kikundi cha wanafunzi watano, kila mmoja amenitumia kivyake, na majibu hayalingani.

Linganisha safu ya muda kwanza. Ikiwa muda ni ule ule kwa wote na g ni tofauti, tofauti iko kwenye hesabu, na mnaweza kuimaliza kwa dakika chache. Ikiwa muda wenyewe ni tofauti, kuna aliyenakili vibaya, au walipima mara mbili na kila mmoja akachukua kipimo chake. Hapo waulize nani alishika saa na nani alihesabu kwa mdomo. Aliyehesabu kwa mdomo ndiye wa kuulizwa kuhusu sifuri, na mara nyingi siye aliyekutumia picha.